Gesi imefika, pesa haijafika: maswali ya frilansa mpya wa apu za simu na majibu yangu

Kuna mdogo wangu mmoja hapa Mombasa ameacha kazi ya kuajiriwa ameanza kuchukua kazi za apu mwenyewe, na kwa wiki kadhaa amekuwa akinitumia voisi za maswali kuhusu mwaka wangu wa kwanza, nini kiliharibika na kwa nini. Nmemuomba ruhusa niyaweke hapa pamoja na majibu maana naona wengi wanapita njia ileile. Mengi nitakayosema yanahusu apu moja, ya duka la gesi, mteja anaagiza mtungi kwa simu, analipa kwa M-Pesa, boda anampelekea. Nliijenga kwa Flutter upande wa simu na seva ndogo ya Node. Ukiielewa hiyo moja umeelewa karibu kila kitu kilichonipata mwaka ule.

Dada, kosa lililokugharimu zaidi lilikuwa gani? La bei ama la kiufundi?

La kiufundi, na lilikuwa kwenye malipo. Nliamini jibu ambalo halikuwa jibu.

Iko hivi. Ukitumia Daraja ya Safaricom, yani mlango ambao programu yako inapitia kuongea na M-Pesa, kumtumia mteja ile STK push, yani kile kiboksi kinachotokea kwenye simu yake kikimwambia aweke PIN, unapiga ombi kwa Daraja na hapohapo unarudishiwa kitu kama hiki:

```json
{
  "CheckoutRequestID": "ws_CO_191220191020363925",
  "ResponseCode": "0",
  "ResponseDescription": "Success. Request accepted for processing"
}
```

Sasa mtu ambaye hajawahi kufanya malipo anaona sifuri, anaona neno `Success`, anaandika kwenye apu kwamba oda imelipwa. Ndivo nlivofanya. Lakini soma sentensi yote, inasema ombi limepokelewa ili lishughulikiwe. Wakati huo mteja hata hajakiona hicho kiboksi, hajaweka PIN, pesa iko kwake bado. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, sekunde kadhaa ama zaidi, kwa njia nyingine kabisa, Daraja inapiga hodi kwenye seva yako kwa ile anwani uliyoiweka kama `CallBackURL`, na ndani yake ndo kuna jibu la kweli:

```json
{ "Body": { "stkCallback": {
  "CheckoutRequestID": "ws_CO_191220191020363925",
  "ResultCode": 1032
}}}
```

Hiyo 1032 maana yake mteja amekataa, kabonyeza kughairi. 1 ni salio halitoshi. 2001 PIN imekosewa. 1037 simu haikupatikana ama mteja hakujibu mpaka muda ukaisha. Na 0, hapo kwenye `ResultCode` sasa, ndo pesa imeingia, na inakuja na namba ya risiti ya M-Pesa (`MpesaReceiptNumber`), kiasi na namba ya simu. Kwahiyo sifuri ziko mbili, na ile ya kwanza haina uhusiano wowote na pesa.

Lakini si ulijaribu kabla ya kumpa mwenye duka? Mbona haikuonekana?

Nlijaribu sana, lakini nlijaribu kama mtu anayetaka ifanye kazi. Kwenye sandbox, yani uwanja wa majaribio wa Daraja, na ile shotikodi ya majaribio ya 174379, nlikuwa nalipa shilingi moja kwa simu yangu, naweka PIN sahihi, salio lipo, netiweki nzuri, skrini inabadilika inaandika Imelipwa nafurahi. Kila mara nlikuwa nalipa kweli kwahiyo uongo wa ile skrini na ukweli wa pesa vilikuwa vinafanana. Sikuwahi hata mara moja kubonyeza kughairi. Sikuwahi kuzima simu kiboksi kikiwa njiani, wala kujaribu laini isiyo na salio.

Ilivyojulikana ni mwenye duka aliyegundua. Jioni alikuwa anakaa na stetimenti ya M-Pesa ya tili yake akilinganisha na orodha ya oda kwenye apu, na hesabu hazikubaliani, oda zilizoandikwa Imelipwa ni nyingi kuliko pesa zilizoingia. Mwanzo alidhani boda anakula pesa. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo, kwamba kuna kijana wa boda aliangaliwa vibaya kwa kitu nlichoandika mimi. Nilipofungua databesi nikatafuta oda zilizo na hali ya Imelipwa na hazina namba ya risiti, zikatoka zote, moja baada ya nyingine, watu waliobonyeza lipa wakaghairi na bado gesi ikawafikia. Wengine walikuwa waungwana wakapiga simu wenyewe wakalipa. Wengine hapana.

Wewe kama unayo apu ya malipo saa hii, kafanye hilo swali tu kwenye databesi yako kabla ya kulala: oda iliyolipwa bila risiti. Ukipata hata moja una shida hii hii.

Sasa ulirekebisha vipi? Nieleze polepole maana mimi pia naandika hapo kwenye jibu la kwanza.

Kwanza apu ya simu nkaiondolea mamlaka ya kusema kitu kimelipwa. Apu kazi yake ni kuomba na kuuliza, anayejua ni seva. Mteja akibonyeza lipa, seva inatengeneza oda yenye hali INASUBIRI na inahifadhi ile `CheckoutRequestID` pembeni yake. Apu inaonyesha tunasubiri malipo yako, na kila baada ya sekunde chache inaiuliza seva oda hii imefika wapi. Kolbeki ikija na `ResultCode` 0, seva inaangalia kama kiasi kilicholipwa ni kile cha oda, alafu ndo inaandika:

```sql
UPDATE oda SET hali = 'IMELIPWA', risiti = $1
WHERE checkout_id = $2 AND hali = 'INASUBIRI';
```

Hicho kipande cha mwisho cha `AND hali = 'INASUBIRI'` kisikupite. Kolbeki moja inaweza kukufikia mara mbili, na bila hicho kipande kila kinachofuata baada ya malipo kinajirudia, boda anatumiwa ujumbe mara mbili, stoki inapungua mara mbili. Kikiwepo, ya pili inagusa safu sifuri, na seva ikiona sifuri hiyo inaishia hapo kimya.

Pili, kolbeki inaweza isije kabisa. Seva yako imelala, ama imewashwa upya wakati huohuo, ama cheti cha https kimeisha muda. Kwahiyo oda ikikaa INASUBIRI zaidi ya dakika moja hivi, seva yenyewe inaiuliza Daraja kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query` ikiwa na ile `CheckoutRequestID`. Usiandike imeshindikana kwasababu tu umechoka kusubiri, uliza kwanza, maana mteja aliyekatwa pesa alafu apu inamwambia hujalipa hatarudi tena na ana haki.

Na hiyohiyo query inakulinda na kitu kingine. Anwani ya kolbeki iko wazi kwenye intaneti, mtu akiijua anaweza kuitumia ujumbe wa uongo wenye sifuri. Mimi nkaiweka njia ndefu isiyobahatishika, na kabla sijatoa mzigo seva inaithibitisha kwa Daraja kwanza. Inaongeza sekunde moja mbili, sio kitu.

Kuna mteja wangu analalamika wanunuzi wanalipa mara mbili. Ni hiyohiyo?

Ni jirani yake. Fikiria simu wanazotumia watu wengi, memori ndogo, apu kibao zimefunguliwa. Kiboksi cha M-Pesa kikitokea kinaifunika apu yako, mtu anaweka PIN, anaenda kuangalia meseji kama imeingia, na Android ikibanwa inaiua apu yako huko nyuma. Akirudi apu inaanza upya, ile hali uliyokuwa unaishika kwenye kumbukumbu ya simu imepotea, kitufe cha Lipa kiko pale kinang'aa. Anabonyeza tena. Wewe hukuona kwasababu unajaribu kwa simu nzuri.

Nlikuwa nazima kitufe kwa variabo ya ndani ya skrini, `isLoading`, na hiyo inakufa na skrini. Dawa ni kitufe kifuate hali ya oda iliyoko kwenye seva. Apu ikifunguka kitu cha kwanza iulize, mtu huyu ana oda INASUBIRI? Kama ipo mrudishe kwenye skrini ya kusubiri. Na seva nayo ikatae kutuma STK push ya pili kwa oda ambayo ya kwanza haijapata jibu. Ukitaka kuiona shida hiyo bila kununua simu, kwenye Android ingia `Developer options` uwashe `Don't keep activities`, alafu lipa. Inaiga ile hali ya skrini kuuawa mara tu unapoiacha, kwahiyo toka uende kwenye meseji urudi uone apu yako inakumbuka nini. Alafu funga apu kabisa katikati ya malipo uifungue tena uone.

Funguo za Daraja uliziweka wapi mwanzo?

Ndani ya apu. Nlikuwa nmesoma mahali kwamba usiandike siri kwenye msimbo, ziweke kwenye faili ya `.env`, nkaziweka huko nkajiona salama. Lakini kwenye Flutter ukitumia flutter_dotenv ile faili unaitangaza kama aseti, na aseti zote zinasafiri ndani ya APK kama zilivyo. APK ni zipu tu. Jaribu na yako:

```
unzip app-release.apk -d wazi
cat wazi/assets/flutter_assets/.env
```

Ukiona consumer key, consumer secret na passkey zimejipanga hapo, kila aliyepakua apu yako anazo. Kwa hizo peke yake hawezi kutoa pesa kwenye tili ya mteja wako, lakini anaweza kuomba tokeni na kuanza kuwatumia watu STK push zenye jina la duka la mtu, na anayepigiwa simu kutukanwa ni mwenye duka. Siri zikae seva, apu iongee na seva yako tu. Na zikishatoka mara moja usidhani kuzifuta kwenye apdeti mpya kunatosha, lile toleo la zamani liko kwenye simu za watu, lazima utengeneze mpya na za zamani uzizime.

Apu uliweka kwenye akaunti ya nani Play Store?

Yangu. Nlilipa dola 25 mara moja, nikaona nimwondolee mteja usumbufu. Na hapa sikuwa na nia mbaya yoyote, wengi tunafanya hivi kwa roho safi, lakini tazama inavyozaa matatizo pande zote mbili.

Kwa mteja, biashara yake, nyota zake, maoni ya wanunuzi wake, vyote viko chini ya mtu ambaye kesho anaweza kuhama ama kuumwa. Kwangu mimi, Google ikifunga akaunti inafunga na apu zote zilizo ndani. Yani mteja mmoja akiniletea apu inayovunja sera nikaipandisha bila kuangalia vizuri, duka la gesi lisilohusika nalo linaanguka pamoja naye. Nlipolielewa hilo nlianza kuhamisha apu za watu usiku uleule.

Kuhamisha kunawezekana na sio kugumu. Mteja anafungua akaunti yake mwenyewe analipa zile dola 25, alafu wewe unaomba uhamisho kwenye Play Console, utahitaji namba ya muamala ya ada ya usajili ya akaunti yako na ya kwake, kwahiyo zile imeili za risiti msizifute. Apu inahama na watumiaji wake, nyota na maoni, na jina la kifurushi linabaki lilelile. Jina hilo, ile `applicationId`, ukishapandisha halibadiliki tena, kwahiyo usiweke jina lako wala la kampuni yako hapo, weka la biashara ya mteja tangu siku ya kwanza.

Na kistoo cha funguo cha kusaini? Nmesikia ukipoteza umekwisha.

Ilikuwa hivyo zamani. Tangu Agosti 2021 apu mpya zinapandishwa kwa AAB, muundo uliochukua nafasi ya APK huko Play, na Play App Signing ni lazima, maana yake funguo halisi ya kusaini inakaa Google, wewe unashika funguo ya kupandishia tu. Hiyo ukiipoteza, mwenye akaunti anaomba ibadilishwe kwenye Play Console, inachukua siku chache na maisha yanaendelea. Hatari iliyobaki ni apu unayoigawa nje ya Play, APK unayomtumia mtu kwa WhatsApp ama kuiweka kwenye tovuti. Huko hakuna wa kukuokoa, funguo ikipotea toleo jipya linakataa kukaa juu ya la zamani, na kila mtumiaji itabidi afute aanze upya na vilivyohifadhiwa ndani ya simu vinaenda. Mimi faili ya `.jks`, ndo hicho kistoo chenyewe, na paswedi zake siku ya makabidhiano nampa mteja nakala, anasaini kwenye karatasi kwamba kapokea.

Muda je? Mimi nmemwambia mteja wiki moja tu baada ya kumaliza itakuwa Play Store.

Mpigie leo. Kama akaunti yake ni ya mtu binafsi na imefunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, Google haimruhusu kutoa apu kwa umma mpaka afanye majaribio ya kundi lililofungwa, wanayaita closed testing, watu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Mwanzo walikuwa 20, Desemba 2024 wakashusha. Siku 14 hizo ni za watu waliobaki ndani, mtu akijitoa katikati ukashuka chini ya 12 umejichelewesha, kwahiyo tafuta 16 ama 18. Baada ya hapo unaomba ruhusa, unajibu maswali kuhusu majaribio yalivyoenda, wanakagua. Akaunti ya kampuni haina sharti hilo ila inataka namba ya D-U-N-S, namba ya kutambulisha kampuni, na kuipata nako kuna kusubiri kwake.

Sasa unganisha hilo na pesa yako. Makubaliano yangu ya mwanzo yalikuwa nusu mwanzoni na nusu apu ikiwa hewani. Kazi nmemaliza, apu iko kwenye foleni ya Google, na mwenye duka anasema kwa haki kabisa, tulisema ikiwa hewani. Wakati huo anaendelea kuikumbuka hii na ile, dada ongeza tu sehemu ya kubadilisha mtungi wa kampuni nyingine, ongeza tu bei ya jumla kwa hoteli, na mimi naongeza bure kwasababu bado sijalipwa na sitaki kumuudhi. Na hiyo ya kubadilisha mtungi inagusa bei, stoki, risiti na skrini ya boda, sio kitu cha jioni moja.

Saa hii malipo nayafunga na vitu vilivyo mikononi mwangu. Sehemu ya kwanza kabla sijaanza. Ya pili akiwa ameshika APK kwenye simu yake na ameghairi malipo mbele yangu akaona oda inabaki haijalipwa. Ya mwisho siku nnapotuma kwa Google ikaguliwe, sio siku wanapokubali. Na orodha ya skrini tuliyokubaliana imeandikwa, kisichokuwemo kina bei yake na tarehe yake. Majaribio ya siku 14 nayaanza na toleo lenye skrini chache wakati bado najenga mengine, hivo kusubiri kunaenda sambamba na kazi.

Baada ya kukabidhi mnaachana?

Hapo pia nlikosea, nlidhani apu ikishatoka imetoka. Lakini Google kila mwaka inapandisha kiwango cha chini cha Android ambacho apu inalengewa, kwa mfano kuanzia 31 Agosti 2025 apu mpya na apdeti zililazimika kulenga Android 15, yani API 35. Ukikaa miaka miwili bila kugusa, siku mteja anataka kubadilisha namba ya simu tu kwenye skrini unakuta lazima kwanza upandishe Flutter, Gradle, na vifurushi vitatu ambavyo wenyewe waliviacha. Na apu iliyobaki nyuma sana inafichwa kwa wateja wapya wenye simu mpya, kwahiyo mwenye duka anaona waliopakua wanapungua na hajui kwa nini.

Kwahiyo namwambia mapema kabla hatujasaini, kuna ada ndogo ya kila mwezi, ndani yake kuna seva, cheti cha https, kulinganisha oda na risiti kila wiki, na kuipandisha apu kila Google inapobadilisha sharti. Asipotaka ni sawa, namwandikia tarehe ambayo apu yake itahitaji kuguswa na anajua ni kazi mpya yenye malipo mapya. Huyu wa gesi alikubali, na ile ya kulinganisha risiti ndo aliyoipenda, kila Jumatatu asubuhi anapata ujumbe wenye mistari miwili, jumla ya oda zilizolipwa na jumla ya risiti za M-Pesa, na zikitofautiana hata shilingi moja mimi ndo wa kwanza kupigiwa.